Sauti ya Nne

Wimbo wenyewe hauzidi dakika nne. Una beti tatu na kiitikio, na ukifunua kitabu chochote cha nyimbo za Kirundi huukuti, kwa sababu aliyeutunga hakuwa mmishonari wala mchungaji. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi juu ya mlima mmoja upande wa Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, mahali ambapo mtu akitoka nje asubuhi huliona Ziwa Tanganyika limelala chini yake, na ng'ambo, mbali, milima ya Kongo. Mwalimu huyo, wimbo wake na familia iliyoubeba nimewaunda mimi. Njia waliyopita ipo, pori walilofyeka lipo, na waliopita njia hiyo walikuwa maelfu kwa maelfu.

Jumamosi alasiri kwaya ilikutana darasani. Mwalimu aliandika wimbo ubaoni kwa chaki, si kwa vichwa vyeusi na mistari mitano ya Wazungu, bali kwa herufi kama ilivyo desturi ya kwaya nyingi za huku kwetu: d, r, m, f, s, l, t, na nukta mbili za kutenga mapigo. Safu nne, moja chini ya nyingine, sauti ya kwanza mpaka ya nne. Mke na mume mmoja wa mlima ule walikuwa katika kwaya hiyo. Mke aliimba sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo. Mume, mkulima wa maharage na mihogo aliyekuwa na kifua kipana na maneno machache, aliimba ya nne, besi.

Mwalimu huyo alikuwa na kero moja, na bila kero hiyo wimbo usingekuwapo. Nyimbo nyingi za kitabuni zilikuwa tuni za Ulaya zilizovalishwa maneno ya Kirundi. Sasa Kirundi ni lugha inayopanda na kushuka. Irabu yake fupi na irabu yake ndefu si kitu kimoja, na silabi ikitamkwa juu badala ya chini, neno linaweza kugeuka maana au likakosa maana kabisa. Tuni ya kigeni haijui hayo. Inapanda pale neno linaposhuka, inaburuta pale neno linapokatika, na waumini huimba kwa moyo safi maneno ambayo, wakiyasema hivyo sokoni, watu wangewacheka. Mwalimu akaamua kuanza na upande wa pili. Aliyasema maneno kwanza, akayasema tena taratibu, akasikiliza yanakopanda, kisha tuni akaifuatisha humo. Ndiyo maana wanakwaya waliushika wimbo ule kwa Jumamosi mbili. Ulikuwa umekwisha kuwamo katika usemi wao.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu waliyashambulia maeneo ya kusini kando ya ziwa, Rumonge na Nyanza-Lac yakiwamo, wakaua watu. Kilichofuata kutoka kwa serikali ya Michel Micombero na jeshi lake kilipita kabisa kiasi cha kuzima uasi. Wahutu waliosoma walitafutwa kwa majina: walimu, wanafunzi, makarani, watu wa kanisa, wanajeshi. Waliouawa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 100,000, na yapo makadirio yanayozidi maradufu ya hapo. Warundi wenyewe mwaka ule huuita Ikiza, yaani janga, neno moja tu, kama mtu asiyetaka kuingia ndani zaidi.

Mwalimu alichukuliwa mwezi Mei. Waliambiwa anakwenda kuhojiwa. Jioni ile mke wa mwenye besi alilitoa kabatini daftari la nyimbo, lile ambalo mumewe alinakili kutoka ubaoni kwa mwandiko wa shida, akalitumbukiza chooni. Aliyeonekana na maandishi nyumbani aliweza kudhaniwa msomi, na mwaka ule usomi ulikuwa hatia. Wimbo ulibaki pasipo karatasi. Mtunzi hakurudi.

Walivuka kwa mtumbwi, watu kumi na mmoja katika chombo cha watu sita, wakishika kusini ili wafike upande wa Tanzania. Hawakuimba, na msomaji asitegemee hivyo. Mama alikuwa ameziba kinywa cha mtoto wa mgongoni kwa kitambaa, akikifungua kila baada ya muda ili mtoto avute hewa. Kifungua mimba, mvulana wa miaka 14, alikuwa akikomba maji kwa kibuyu. Dada yake wa miaka 9 alilala miguuni kwa baba yao, au alijifanya amelala.

Kutoka mwambao wa Kigoma waliletwa Ulyankulu, mkoani Tabora, mwishoni mwa mwaka uleule. Serikali ya Tanzania ilikuwa imetenga eneo la pori la miombo, na TCRS, shirika la Walutheri lililowahudumia wakimbizi kwa kushirikiana na serikali na Umoja wa Mataifa, liliwapa turubai, panga, jembe na posho ya unga na maharage mpaka mazao ya kwanza yatoke. Barabara zilipasuliwa porini kwa mstari ulionyooka, zikapewa namba, na watu wakapangwa kandokando yake. Mpaka leo mtu wa Ulyankulu ukimuuliza anatoka wapi anaweza kukutajia namba.

Sasa fikiria mtu wa milimani katika nchi hiyo. Burundi watu hawakai vijijini kama tunavyovijua sisi. Kila nyumba imo ndani ya ugo wake, na zile nyumba zote za mlima mmoja ndizo jirani, ndiyo anwani, ndiyo utawala. Mtu ni wa mlima fulani. Ulyankulu ni tambarare. Ukitazama mbele ni miti, ukigeuka nyuma ni miti, na usiku fisi wanapita karibu na turubai. Mbung'o wanauma mchana. Mama aliwahi kusema kwamba miezi ya mwanzo hakuwa akijua anatazama upande gani, kwa sababu hapakuwa na juu wala chini.

Kuimba kulianza hapo, wala hakukuanza kwa sababu kubwa. Baada ya chakula mtoto mdogo alikuwa hapati usingizi kwa sauti za fisi. Mama akaanza ubeti wa kwanza kumbembeleza. Kutoka gizani nje ya turubai, alipokuwa akifunga kamba, baba akaingia na besi yake, bila kukusudia, kama mtu anavyoitika anapoitwa jina. Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, «Turirimbe,» tuimbe, na wakaumaliza wote. Kesho yake jioni, moto ulipokuwa unapungua, akasema tena neno lile. Tangu hapo liliruka siku chache mno.

Utaratibu wao ulikuwa na kanuni chache ambazo hakuna aliyezitangaza. Wimbo uliimbwa mara moja tu, beti zake zote tatu, wakati moto bado una makaa lakini hauna mwali. Aliyekosea hakukatizwa. Nyumba nyingi zinazofundisha watoto kuimba husimama pale mtoto anapokosea na kumrudisha, na mtoto huishia kujua mstari wa kwanza vizuri sana na wa mwisho vibaya sana, kwa kuwa haufikii. Hapa walifika kila jioni. Lakini kesho yake, wakikaribia mahali pale palipokosewa jana, mama aliongeza sauti kidogo, silabi tatu au nne, kisha akairudisha. Mtoto alisikia, akajirekebisha mwenyewe, na aibu haikuwapo.

Kosa lenyewe walilijuaje, bila karatasi ya kusahihishia? Waliligundua kwa kugongana. Sauti moja pekee inaweza kupotea polepole, leo nusu hatua, mwezi ujao hatua nzima, na mwimbaji asijue, kwa sababu hana wa kumpinga. Sauti mbili zilizofungamana zinalindana. Binti alipoanza kuimba sauti ya pili na akapanda mahali asipotakiwa, besi ya baba yake ilisikika chungu ghafla, na wote walijua papo hapo kwamba kuna mtu amehama. Kifungua mimba alianza na sauti ya pili pia, lakini ndani ya mwaka wa kwanza koo lake likaanza kukwaruza, sauti ikawa inaruka kama mbuzi, na jioni moja baba akamsogezea kigoda karibu naye. Hakumwambia kitu. Aliimba karibu na sikio lake kwa miezi kadhaa, mpaka besi zikawa mbili.

Maneno ndiyo yaliyokuwa kazi ngumu zaidi. Shuleni watoto walifundishwa Kiswahili, kama watoto wote wa Tanzania, na uwanjani walicheza kwa Kiswahili. Sisi Waswahili silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo tunayoipa mkazo, na shida yetu inakwisha hapo. Hatuna irabu ndefu ya kubadilisha maana kama Kirundi kilivyo nayo, wala hatupandi na kushuka. Watoto wakaanza kuleta mkazo huo nyumbani. Waliimba Kirundi chenye mwendo wa Kiswahili. Tuni ndiyo iliyowazuia, maana mwalimu yule alikuwa amefungia matamshi ndani ya tuni: ukiifuata tuni, irabu inavutika panapostahili, utake usitake. Watoto waliozaliwa Ulyankulu na wasioweza kuomba maji kwa Kirundi bila kukosea waliweza kuimba beti tatu za Kirundi safi.

Kuyaelewa ni jambo lingine. Ubeti wa pili una neno umusozi, yaani mlima. Kitinda mimba, yule aliyevuka ziwa mgongoni, alikuwa amefika miaka mitano na hajawahi kuona mlima. Aliamini umusozi ni mtu, mzee fulani wa kanisani aliyebaki nyumbani. Mama alipogundua alichukua jembe, akafanya kitu ambacho majirani walikizungumzia: alirundika udongo uani, akaumwagia maji, akaupigapiga kwa viganja mpaka ukawa kilima cha kufika magotini. Akachomeka vijiti kuwa ugo, akaweka mbegu za maharage kuwa nyumba, na chini kabisa akaweka sufuria ya maji kuwa ziwa. «Sisi ni wa hapa,» akamwambia, akigusa mbegu moja. Mvua ya kwanza iliubeba mlima huo wote.

Neno la pili halikurekebishwa, na mimi ningekuwa mama yule nisingelirekebisha pia. Kiitikio kina neno umuryango. Kwa Kirundi neno hilo ni familia, ukoo, na ni hilohilo la mlango wa kuingilia nyumbani. Watoto, wakiwa na Kiswahili vichwani, walisikia mlango tu. Kwao kiitikio kilikuwa kikiomba mlango ulindwe, na kwa watoto wanaosikia fisi nje ya turubai ombi hilo lilikuwa na maana kamili. Kitu kinachonifurahisha ni kwamba Kiswahili nacho, huko mwambao, kiliwahi kuuita ukoo mlango. Watoto walikuwa hawajapotea sana kama walivyodhaniwa.

Baba alifariki mwaka 1976 kwa homa. Jioni ya tatu baada ya mazishi mama alisema neno lake la kila siku, na kifungua mimba, aliyekuwa na miaka 18, akaimba besi peke yake.

Ulyankulu ilikuwa na kasoro ambayo wapangaji waliiona wakiwa wamechelewa: watu walikuwa wengi kuliko maji na ardhi. Visima vilikauka kiangazi, mashamba yakachoka. Mwaka 1978 makazi mapya yalifunguliwa Mishamo, katika wilaya ya Mpanda wakati ule, na sehemu ya watu wa Ulyankulu wakahamishiwa huko, kila familia ikipewa takriban hekta tano za pori la kufyeka upya. Kifungua mimba alikuwa ameoa. Yeye na mkewe waliandikwa kwenda Mishamo, wakapanda lori mwaka 1979 wakiwa na mtoto mmoja, kuku wanne na mlango wa mbao alioutengeneza mwenyewe na kukataa kuuacha. Mama, binti na kitinda mimba walibaki.

Katika ramani si mbali sana. Lakini mkimbizi hakutoka kwenye makazi bila kibali, na kibali kilihesabiwa siku. Barua zilikwenda na kurudi. Barua husema nani amezaa na tumbaku imeuzwaje, lakini besi haiingii kwenye barua kama hakuna anayejua kuiandika.

Ulyankulu, basi, wimbo ulibaki bila sakafu. Mama na binti waliimba sauti ya kwanza na ya pili, na kitinda mimba, koo lake lilipokomaa, likawa jembamba, halikufika chini. Waliacha nafasi. Kuna mahali mwishoni mwa kiitikio ambapo sauti za juu zinanyamaza mapigo manne na besi inatembea peke yake kurudi mwanzoni. Kila jioni walifika hapo, wakanyamaza mapigo manne, makaa yakilia, kisha wakaendelea. Wageni waliosikia walidhani wamesahau maneno.

Wakati huohuo kwaya za Ulyankulu zilikuwa zikipata jina. Kwaya ya Barabara ya 13 ndiyo Watanzania wengi wanayoijua. Watoto wa watu waliovuka ziwa usiku wamesikika kwenye redio na kanda nchi nzima, wakiimba kwa Kiswahili. Binti wa nyumba yetu aliingia kwaya ya kanisa lao, nyingine ndogo zaidi, na huko mwalimu wa kwaya akamfundisha herufi zilezile za ubaoni: d, r, m. Alipozijua alinunua daftari. Akachora safu nne. Akaandika ya kwanza jinsi mama alivyoimba, kisha ya pili yake mwenyewe, kwa penseli, akifuta na kuandika kwa wiki tatu. Safu ya tatu na ya nne akaziacha nyeupe, isipokuwa alama za mapigo.

Mwalimu wa kwaya aliona daftari hilo akataka kuutafsiri wimbo na kuuimbisha Jumapili. Mama alikataa. Hakueleza, na binti yake aliona haya kumrudia mwalimu na jibu lisilo na sababu. Nadhani mama aliogopa kitu halisi. Kwaya ingeijaza safu ya nne kwa besi iliyobuniwa, yenye kupendeza pengine, na mwanawe siku akirudi angekuta kigoda chake kimekaliwa.

Mishamo mambo yalikwenda kwa namna nyingine kabisa. Kifungua mimba aliendeleza desturi: chakula, makaa, «Turirimbe». Lakini alikuwa na besi tu. Alijaribu kuwafundisha watoto sauti ya kwanza, na kila alipofika juu alipotea, akarudi chini alikozoea. Mkewe alitoka mlima mwingine na kanisa lingine, wimbo ule hakuujua. «Mimi naimba ya nne,» aliwaambia watoto, «ya kwanza iko kwa bibi yenu.» Watoto waliitikia ndiyo, kama watoto wanavyoitikia habari za mahali wasipopajua, kisha wakaimba walichosikia. Binti zake wakaipandisha besi ile mpaka kwenye sauti zao za kike. Mke akaipambia mistari yake ya juu, akiingiza sauti yake katikati ya zao kwa zamu, kama wanawake wa Burundi wanavyosalimiana kwa kuimba katika akazehe. Miaka ikapita. Besi ikawa ndiyo wimbo.

Na ulikuwa wimbo mzuri, kwa taarifa yako. Ulirukaruka zaidi, ulikaa muda mrefu kwenye sauti moja kisha ukashuka ghafla, na mwishoni mwa kiitikio ulikuwa na matembezi ya mapigo manne ambayo watoto waliyapenda kuliko sehemu nyingine yoyote. Wajukuu wa Mishamo walikua wakijua kwamba huo ndio wimbo wa babu yao.

Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa ziliwauliza wakimbizi wa 1972 swali moja: mnarudi, au mnataka uraia? Kama wanne katika kila watano walichagua uraia. Mwaka 2010 zaidi ya 160,000 walikubaliwa, ingawa vyeti vyenyewe vilianza kukabidhiwa mwaka 2014, baada ya mabishano marefu kuhusu kama watawanyishwe mikoa mingine. Ulyankulu, mama na kitinda mimba waliandika uraia. Binti naye, sasa mama wa watu wazima. Kifungua mimba, aliyekuwa akikaribia miaka 50, aliandika kurudi. Alisema anataka kufa penye mteremko.

Kabla ya kuondoka alipata kibali cha kwenda kuaga. Alipanda treni Mpanda hadi Kaliua, pamoja na binti zake wawili na mjukuu wa kiume, na jioni ya pili ya safari wakafika kwa bibi. Alikuwa na miaka 70, jicho moja lina mtoto, sauti imepasuka lakini ipo. Wajukuu walimpigia magoti, «Shikamoo bibi,» akawaitikia, «Marahaba,» kisha akawauliza kwa Kirundi wametokaje huko, nao wakamjibu kwa Kiswahili.

Chakula kikaisha. Makaa. Mama akasema neno lake.

Wakaanza wote pamoja, na katika mstari wa kwanza wajukuu wa Ulyankulu wakanyamaza wakiwatazama wajukuu wa Mishamo, na wa Mishamo wakanyamaza wakiwatazama wenzao. «Mbona hivyo? Mmekosea,» akasema mmoja. «Sisi? Ninyi ndio mmekosea, huu ni wimbo wetu.» Kanuni ya kutokatizana ilikuwa imevunjwa kwa mara ya kwanza katika miaka 36. Kifungua mimba alicheka mpaka akapaliwa. Akawaambia, «Msisikilizane. Kila mmoja aimbe wake, asimwangalie mwenzake.»

Wakarudia. Mistari miwili ya kwanza watoto waliimba kwa ukaidi, kila upande ukivuta kwake. Katika wa tatu mmoja wa wasichana wa Mishamo alifumbua macho. Alikuwa ameisikia sauti yake mwenyewe ikiwa chini ya nyingine, ikiishikilia. Walipofika mwisho wa kiitikio watu wa Ulyankulu wakanyamaza kama walivyonyamaza tangu 1979, na ndani ya ule ukimya wa mapigo manne, wa Mishamo wakatembea.

Ubeti wa tatu haukukaa. Katikati yake sauti zinagongana, vibaya, mahali pawili. Mmoja kati yao alikuwa amehama katika miaka ile 29, na hakuna wa kusema ni nani. Aliyeandika ubaoni ndiye angejua. Waliuimba mara nne usiku ule, jambo lisilo la desturi, na mara zote nne uligongana. Binti alileta daftari na taa. Akamwomba kaka yake aimbe taratibu, akajaza safu ya nne, ubeti wa kwanza, wa pili, kiitikio. Alipofika wa tatu akaandika kile kaka yake alichoimba, na pale pawili akaweka alama ya kuuliza juu ya safu zote mbili. Safu ya tatu, ya tenori, ingali nyeupe. Aliyeijua alichukuliwa pamoja na mwalimu.

Kifungua mimba alirudi Burundi. Mteremko wa baba yake ulikuwa na watu wengine waliokuwa wakiulima kwa miaka zaidi ya thelathini, kama ilivyowakuta warejea wengi, na kesi ikaenda kwenye tume ya ardhi. Akapewa nyumba katika mojawapo ya vijiji vya amani, pamoja na wengine wasio na mlima. Jirani zake humcheka Kirundi chake anapoongea. Anapoimba hawacheki.

Jioni hupiga simu. Saa za Burundi ziko nyuma ya za Tanzania kwa saa moja, lakini jua ni lilelile: makaa ya Ulyankulu yakiwa tayari, kwake nako giza limeingia, na hujitenga nyuma ya nyumba. Simu huwekwa juu ya kigoda, sauti kubwa. Mama huanza. Lakini mtandao huichelewesha besi, kiasi cha pigo moja, wakati mwingine mawili, na sauti ikifika huku imeshapitwa. Wamejaribu yeye atangulie. Wamejaribu wao wamsubiri. Siku hizi wanaimba tu mpaka mwisho wa kiitikio, wananyamaza, na wanahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano.